Kingo Zilizokatwa

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Siku matokeo yalipobandikwa na nikaona mdogo wangu kapata hamsini na nane, nilisema palepale mbele ya watu kwamba wasahihishaji ni wezi. Alama ya kupita ilikuwa sitini. Kila swali lina alama mbili. Swali moja tu, jamani! Swali moja lilimkosesha kiti cha karani wa takwimu, na mwezi ujao alikuwa anatimiza miaka thelathini na tano. Ukishaufikia umri huo hawakuiti tena kwenye mtihani wao wa ajira, hata ulie machozi ya damu.

Mdogo wangu alikohoa, akafunga kitambaa chake cha kichwani vizuri, akaniambia, "Twende, kaka. Watu wanatuangalia."

Kikohozi hicho kina miaka sita. Anafua mashuka ya hospitali, kwenye chumba kisicho na dirisha, na dawa wanayomwaga kwenye mapipa ya kufulia inaingia kifuani. Daktari alishamwambia kwamba akiendelea na kazi ile, mapafu hayatamvumilia. Ndiyo maana tulikuwa tumekazana na mtihani huu. Miezi minane, kila akitoka zamu, anakuja darasani kwangu na vidole vimechubuka, anakaa dawati la mbele.

Darasa ni chumba nilichokipanga nyuma ya duka la vioo. Nawafundisha watu wanaotafuta ajira namna ya kujibu mtihani wa kupima uwezo: hesabu, mantiki, lugha, na yale maswali ya grafu na majedwali. Wanafunzi wananiita Wembe, wanadhani sijui. Jina lenyewe limetokana na kile kisu changu kikubwa cha mezani cha kukatia karatasi. Mashine yangu ya kunakili ni kizee, inatia weusi pembeni mwa kila ukurasa, nami sipendi uchafu. Kwa hiyo kila nikinakili mitihani ya zamani, naziweka karatasi kwenye kisu, kacha! Nakata juu, nakata chini, nakata pembeni. Zinabaki safi kama zimetoka kiwandani.

Basi nikamwita Jumamosi mchana, wanafunzi wakiwa wameshaondoka. "Lete ile karatasi yako ya maswali," nilimwambia. Pale mtihanini majibu unayajaza kwenye karatasi nyingine inayosomwa na mashine, hii ya maswali wanakuruhusu uondoke nayo, na yeye alikuwa amezungushia kila jibu alilochagua. "Leo tunasahihisha wenyewe. Nikikuta swali moja tu walilokudhulumu, Jumatatu naenda kulala mlangoni kwao."

"Sawa, kaka," alisema, lakini niliona hana hamu.

Lugha, safi. Mantiki, kakosa machache, na yale nilimsamehe. Tukafika kwenye grafu na majedwali, maswali matano. Nikakaa vizuri, maana hapo ndipo ninapojivunia.

La kwanza lilikuwa grafu ya nguzo, abiria wa kituo fulani kwa miaka minne. Swali: abiria wa mwaka wa nne ni mara ngapi ya wale wa mwaka wa kwanza? Yeye alikuwa amezungushia C, mara mbili. Nikachukua penseli nikapima kama ninavyofundisha siku zote: weka penseli kwenye nguzo fupi, bana kwa kidole, kisha angalia inaingia mara ngapi kwenye ndefu. Iliingia mara mbili kamili.

"Unaona?" nikapiga meza. "Wezi hawa! Si nilisema?"

Mdogo wangu alikuwa anaangalia chini ya grafu. "Kaka, soma hapo mstari unapoanzia."

Nikasoma. Mstari wa wima haukuanzia sifuri. Ulianzia arobaini. Nguzo fupi ilifika hamsini, ndefu ilifika sitini, na sitini kwa hamsini ni moja nukta mbili. Jibu lilikuwa A. Ile mara mbili ilikuwa ya wino tu, abiria wenyewe waliongezeka kwa sehemu moja ya tano.

Nilikohoa bila sababu. Nikahamia swali la pili.

Jedwali la maziwa. Kiwanda cha kwanza, nne nukta tano. Kiwanda cha pili, thelathini na nane. Jumla ni lita ngapi? Juu ya jedwali waliandika "kwa maelfu ya lita", naye akajumlisha akapata elfu arobaini na mbili na mia tano, na jibu hilo lilikuwepo kabisa kwenye machaguo, linamngoja. Lakini chini ya jedwali palikuwa na nyota, na kando ya nyota maandishi madogo: safu ya kiwanda cha pili ni kwa mamia. Elfu nne na mia tano, ongeza elfu tatu na mia nane. Lita elfu nane na mia tatu.

La tatu, mistari miwili kwenye grafu moja, mvua na joto. Mvua inasomwa kwa namba za kushoto, joto kwa zile za kulia. Alikuwa amesoma joto kwa namba za kushoto. Maswali matatu, alama sita. Angekuwa na sitini na nne.

Hapakuwa na wezi.

Sikutaka kumwangalia, nikainuka nikaenda kabatini kuchukua mazoezi tuliyofanya miezi yote ile. Nikayatandaza mezani. Karatasi nyeupe, safi, nguzo zimesimama hewani bila namba chini, majedwali bila nyota, mistari bila namba za kulia. Nyingi hata hazisemi zinahesabu nini. Kumbe ndiyo maana niliigundua ile mbinu ya penseli! Mitihani ile ya zamani ilianzia sifuri, penseli ikawa inapatia kila mara, nami nikajiona bingwa.

Nilimkumbuka yeye mwenyewe, mwezi wa pili wa masomo, ameinua mkono: "Kaka, hizi ni lita, au maelfu ya lita?" Nami nikamjibu mbele ya darasa zima, "Bibie, usinipotezee muda. Fanya hesabu." Watu walicheka. Hakuuliza tena.

"Mdogo wangu," nilisema. "Hukuiona ile nyota?"

Alisugua vidole vyake vilivyochubuka.

"Niliiona, kaka. Niliiona hata nikataka kuisoma. Nikajiambia, kaka huwa anavikata vitu vya huku chini. Vingekuwa na maana asingevikata."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikasema nitakwenda kuwaeleza, nitaandika barua, nitasema kosa ni langu. Yeye akatikisa kichwa taratibu. "Uwaeleze nini? Mashine imesahihisha sawasawa. Nina zamu saa kumi."

Akavaa viatu. Kisha akafanya jambo ambalo amelifanya kila Jumamosi tangu nilipofungua darasa, na siku zote nikilichukulia kuwa la kawaida. Aliinama chini ya kisu changu, akazoa vile vipande vyembamba vya karatasi nilivyokata asubuhi, akavifunga mkononi kama kuni ndogo. Huwa anakwenda kuwashia jiko.

Kipande kimoja kilimponyoka kikaangukia mezani. Kilikuwa na maneno mawili: kwa maelfu. Alikisoma, akakirudisha kwenye kifurushi pamoja na vingine, akaenda kazini.