Kilichoziba Kitundu cha Hewa

Sahani ya tatu ilipasukia ukutani Fundi Pampu alipokuwa anaingia jikoni na mkoba wake wa vifaa. Ya nne ilipita karibu na sikio la dada yake ikavunjikia kwenye friji.

"Karibu shemeji," alisema mume wa dada bila haya hata chembe, sahani ya tano ikiwa mkononi. "Njoo ujionee. Vyombo vinaingia vichafu, vinatoka vichafu zaidi. Mashine ya kuoshea vyombo imejaa maji ya taka siku ya tatu leo. Huyu dada yako hata chujio hajui kusafisha!"

Dada mtu alikuwa amesimama kando ya sinki, mtandio ameuzungusha mpaka puani.

"Ana mafua," mume akamsemea.

Fundi akajaribu utani, maana mashemeji ndivyo walivyozoea. "Sasa shemeji, ukizivunja zote, hiyo mashine itaosha nini? Vidole vyako?"

Mume akacheka sana. Kisha akamgeukia mkewe na kumsukuma usoni kwa kiganja, kichwa kikagonga kabati. Akaenda kufunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati. Eti watoto wa jirani wasije wakakanyaga vigae vya sahani.

Ukweli usemwe, hata kama unauma. Fundi alikuwa hodari wa pampu na mwoga wa mambo ya watu. Mara mbili dada yake alimkimbilia nyumbani kwake, jicho limevimba kama andazi. Mara mbili alimpa chai, akamwambia ndoa ni kuvumiliana, akamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwa mumewe. Baada ya ile ya pili simu ya dada ilipotea, na hakuonekana tena nje ya nyumba hii. Leo mume ndiye aliyepiga simu, na Fundi alikuja mbio akijiambia kwamba akimwona dada yu mzima roho yake itatulia. Sasa amemwona, na roho haikutulia hata kidogo.

Akafanya anachokijua. Akazima umeme wa mashine, akafungua mlango wake, akaanza kuyachota maji kwa kikombe. Yalikuwa ya kijivu, yana mafuta juu na harufu ya shombo. Alipofika chini akalizungusha chujio kulia na kushoto likaachia, akalitoa.

Lilikuwa safi, limesuguliwa kwa mswaki mpaka kwenye kona. Akaingiza vidole kwenye shimo lililo chini yake, akitafuta kigae au kijiti cha meno. Hamna kitu.

"Chujio halina kosa," alisema.

"Basi tafuta kosa lake lingine," mume akajibu, na teke likampata mkewe kwenye muundi. Dada akauma mtandio.

Fundi akainama chini ya sinki na tochi. Ule mpira wa kutolea maji alikuwa ameufunga yeye mwenyewe miaka miwili nyuma, dada akimshikia tochi na kuuliza maswali kama mwanagenzi: kwa nini usipite chini tu, kwa nini uupandishe? Akamweleza kwamba mpira ukilala chini, maji ya sinki yanarudi kwenye mashine, kwa hiyo unainuliwa mpaka juu, ukakaribie kugusa meza ya sinki kwa chini, ndipo unaingia kwenye kitundu cha hewa. Akamweleza pia kwamba watu wengi humaliza maisha yao hawajui kwamba kile kikofia cha chuma kinachokifunika kitundu hicho, kando ya bomba, hufunguka kwa mkono.

Mpira ulikuwa palepale juu, umekazwa vizuri, haukukunjika popote. Akawasha umeme, akamimina vikombe viwili vya maji kwenye mashine, akaiamuru iyatoe. Pampu ikanguruma. Akauminya mpira: ulikuwa umejaa, mgumu kama msuli, tangu chini mpaka kule juu. Pampu ilikuwa inasukuma na maji yalikuwa yanagota. Kizuizi kilikuwa juu.

Akazima tena. Akanyanyuka, akakivuta kile kikofia, na kifuniko cha plastiki kilicho ndani yake. Akamulika. Kwenye koo la kitundu kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyosokotwa na kushindiliwa kwa nguvu. Uchafu haujisokoti wenyewe. Akaichomoa kwa koleo la mdomo mrefu, akaifungua kiganjani.

Lilikuwa jino la mbele, zima na mzizi wake, na damu iliyokauka.

Akamtazama dada yake. Dada akaushusha mtandio taratibu, na pale kwenye fizi ya juu palikuwa na pengo.

"Umepata nini hapo?" mume akauliza, akisogea. "Lete nione."

Fundi akafumba kiganja. Hicho ndicho kilichomponza, maana mtu aliyeficha kitu hana sura ya mtu aliyepata uchafu. Mume akalitazama pengo la mkewe, akaielewa hesabu yote kwa mara moja, akanyakua kikaango cha chuma.

Pigo la kwanza lilimpata Fundi begani na mkono ukafa ganzi. La pili alilikwepa, likapasua kioo cha dirisha. Akamrukia shemeji yake kiunoni, wote wawili wakaanguka kwenye vigae na maji ya mafuta. Mume akamng'ata sikio. Fundi akampiga kiwiko puani, akasikia mfupa ukilia, akampiga tena hapohapo, na tena. Hasira ya miaka miwili ilimtoka yote, na nusu yake, Mungu anajua, alikuwa anajipiga mwenyewe.

Alipozinduka alikuwa amemkalia mtu kifuani, amembana taya kwa mkono wa ganzi, na koleo limeshika jino la mbele la mume. Damu ilimtiririka mtu yule mpaka shingoni. Macho yalikuwa yamemtoka, na alikuwa anasema neno ambalo huenda lilikuwa shemeji.

"Kaka," dada akaita.

"Moja tu," Fundi akahema. "Jino kwa jino. Ni haki yako."

"Kaka, nisikilize. Ukiling'oa hilo, wewe utafungwa, na mimi nitabaki na huyu. Sikuziba kitundu nikuite kwa ajili ya meno yake."

Fundi alitaka kulivuta. Alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

"Ungeniambia!" akapiga kelele, machozi yakichanganyika na damu ya sikio. "Ungeleta hata neno kupitia kwa jirani, ningekuja!"

"Maneno nilikuletea mara mbili," dada alisema. "Ukanipa chai."

Koleo likaachia. Dada akapiga magoti kwenye vigae, akatia mkono kwenye mfuko wa shati la mumewe, akautoa ufunguo. Mume akanyoosha mkono kumshika nywele, na Fundi akaukandamiza mkono huo sakafuni kwa goti, akaushikilia hapo mpaka aliposikia kitasa kikizunguka na mlango ukifunguka.

"Tangulia," alisema. "Nakuja nyuma yako."

"Hapana," dada akajibu kutoka mlangoni. "Safari hii tunatoka pamoja."

Basi akanyanyuka, akauacha mkoba na vifaa vyake vyote sakafuni, akamfuata.