Sekunde Arobaini kwa Kila Slaidi

Mama mdogo, muuguzi, alisoma kama anavyotembea wodini, kana kwamba kila neno limelala na hataki kuliamsha. Pazia la sebule lilivuta pumzi na kuiachia. Binti aliyemwandikia hotuba, ambaye nyumbani walimwita Kimya, alimsikiliza huku jicho moja likiwa kwenye saa ya simu. Sekunde arobaini zilipofika, mama mdogo alikuwa bado katikati ya slaidi ya kwanza.

Kesho yake angesimama mbele ya kamati ya hospitali kuombea wodi ya watoto njiti chumba cha joto. Wodi tatu ziliomba, na pesa zilitosha moja tu. Kila msemaji alipewa slaidi sita, na kompyuta ingezigeuza yenyewe kila baada ya sekunde arobaini. Haingemngoja mtu.

Alipomaliza, saa ilisoma sekunde hamsini na nne. Kimya aliona aibu. Kazini kwake aliandikia video za mafunzo, na msomaji wao, mwanamume mwenye ulimi kama cherehani, alisoma maneno mia na thelathini kwa dakika. Kwa mazoea, kila slaidi ya mama mdogo aliipa maneno themanini na tano. Ilikuwa kama kumshonea shangazi nguo kwa kipimo cha mjomba.

Mama mdogo akasema basi atakaza mwendo. Akajaribu. Sauti yake ikapanda puani, watoto njiti wakawa mizigo inayopakuliwa.

"Hapana, mama mdogo. Unasikika kama umetoroka na kuku wa jirani."

"Na ile ya haraka na baraka usinianzie," alijibu, akicheka mpaka miwani ikashuka.

Kimya akapiga hesabu upya kwa kinywa kilichokuwepo. Maneno tisini na tano kwa dakika. Kwa sekunde arobaini, sitini na tatu. Akashusha hadi hamsini na tano, ili pumzi nayo ipate mahali pa kukaa. Akaanza kupunguza. Kilichoonekana kwenye picha hakikuhitaji kusemwa tena. Shukrani tatu zikawa moja. Katika kila slaidi aliipigia mstari wa penseli sentensi moja ya mwisho: ukichelewa, iache hii, usiikimbilie.

Slaidi ya sita ilimshinda. Kompyuta ilihesabu maneno machache, lakini saa ilikataa. Akamwomba mama mdogo asome tena, polepole, naye akahesabu kwa vidole. Pale palipoandikwa "gramu 1,250", kompyuta iliona maneno mawili. Kinywa kilitamka saba.

"Kilo moja na robo," mama mdogo alisema. "Ndivyo tulivyokuita."

Maana mtoto wa picha ya slaidi ile alikuwa Kimya mwenyewe, mdogo kama mkate, amelala kifuani kwa mama mdogo wakati mama yake akiugua chumba cha pili. Alitaka kuifuta slaidi nzima. Alisema nafasi yake ichukuliwe na slaidi nyingine, na kwamba hawezi kutazamwa na watu wote. Mama mdogo akafunika karatasi kwa kiganja.

"Punguza maneno, mwanangu. Wewe usijipunguze."

Basi akapunguza, mpaka yakabaki ishirini na moja.

Ukumbini taa zilizimwa, na Kimya akaketi nyuma, nusu macho, nusu ndotoni. Sauti ya mama mdogo ilielea juu ya vichwa kama mvuke wa chai. Kwenye slaidi ya nne alikohoa, akapoteza mstari, na sekunde zikamtoroka. Kimya alibana mikono. Mama mdogo akatazama alama ya penseli, akaiacha sentensi ile ipotee, na slaidi ya tano ikamkuta mlangoni akiisubiri.

Kisha picha ile.

"Mtoto huyu alizaliwa na kilo moja na robo. Hatukuwa na chumba cha joto. Tulikuwa na kifua changu. Alikaa hapo mpaka akakua."

Akanyamaza. Zaidi ya nusu ya muda ilikuwa imebaki, na hakuijaza. Feni ilizunguka. Watu wakamtazama mtoto, na kwa muda ule ukumbi wote ulipumua taratibu, kama wodi baada ya maziwa ya mwisho. Hapo ndipo slaidi ilipozimika.

Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye sauti nzito, aliuliza mtoto yule yuko wapi sasa. Mama mdogo alitazama nyuma. Kimya akasimama.

Mwenyekiti alimtazama kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa na kuandika. Mwezi uliofuata mafundi waliingia wodini kwa mama mdogo kupima ukuta wa chumba cha joto.