Kitambaa cha Kupangusia Cherehani

Kufikia Alhamisi asubuhi kila mteja wa saluni alikuwa na jibu lake, na kila jibu lilimzidishia msusi hasira.

"Hiyo ni E, shoga. Hata mtoto wa chekechea anaiona," alisema mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka.

"E ya nini sasa? Ndiyo ninachokuuliza tangu umekaa."

Kilichobishaniwa kilikuwa kipande cha fulana ukubwa wa kiganja, msusi amekibandika kwenye kioo kwa gundi ya karatasi. Kilikuwa na michirizi mitatu minene ya rangi nyekundu, imelala, ncha zake za mviringo, yote ikitokea kwenye doa moja pana. Basi. Kilichobaki cha fulana hiyo mama yake alikwisha kukikatakata zamani kwa kupangusia cherehani, na vipande vingine vilikwisha kuoza kwa mafuta.

Fulana ilikuwa ya baba. Baba alifariki msusi akiwa na miaka mitatu, na sauti yake haikumkaa akilini hata kidogo. Kisha mwezi uliopita, wakichambua maharage, mama mtu akaropoka kwamba marehemu aliwahi kuimba kwenye bendi, tena wakarekodiwa redioni, na kwamba fulana ile ilikuwa sare ya bendi.

"Bendi gani, mama?"

"Nilimkuta ameshagombana nao. Alisema jina hilo lisitajwe nyumbani kwake, nami sikuliuliza."

"Hukuuliza hata siku moja?"

"Ningeuliza ili iweje? Nilikuwa naolewa, sikuwa nafanya upelelezi."

Msusi alikwenda mbio kwenye chumba cha kanda cha redio. Mtunza kanda, bwana mmoja mwembamba mwenye koti la vumbi, alimwambia mambo mawili. Kwanza, kanda zimepangwa kwa majina ya bendi, majina ya waimbaji hayakuandikwa popote. Pili, baada ya wiki tatu, Ijumaa saa sita mchana, lori linakuja kuzibeba kwenda kuteketezwa, maana chumba kimetakiwa.

"Niletee jina, dada. Maboksi ni elfu mbili na kitu. Siwezi kukufungulia moja moja kama zawadi za harusi."

Tangu hapo amelala nayo na kuamka nayo ile E. Aliipiga picha akaitafutia mtandaoni. Simu ikamletea kitana, soketi ya umeme na uma wa plastiki. Akaitupia kwenye kundi la wapenzi wa muziki wa zamani, watu mia mbili na ushei, wengi wao wajomba wastaafu wasio na kazi ila kubishana. Wakamtajia bendi kumi na nne. Wawili wakatukanana hadi mmoja akajitoa kundini. Mtunza kanda alimtolea maboksi mawili ya bendi zenye E, yote yakiwa na nembo kwenye kifuniko. E zao zilikuwa na pembe kali kama za matofali. Hii yake ilikuwa na ncha za mviringo.

"Mpelekee Wino," alisema mteja wa kitini. "Amechapa fulana za watu wote mji huu, mpaka za wagombea walioshindwa."

Msusi alimwacha na nusu kichwa chake. Matusi yalimfuata hadi mlangoni.

Wino alikuwa mzee mnene, vidole vyake vina rangi isiyotoka tena, karakana yake imejaa fremu za mbao zilizowambwa hariri. Alikipokea kipande, lakini hakuitazama ile michirizi. Alikivuta huku, akakivuta kule.

"Mzee wangu, nembo iko hapo katikati."

"Nimeiona. Nani aliyekuambia juu ni huku?"

"Si inasomeka E?"

"Unasoma kabla hujajua umeshika nini, binti yangu." Akakivuta tena. "Fulana inanyumbuka zaidi kwa upana, ili ikuingie kifuani. Kwa urefu ni ngumu. Sasa vuta mwenyewe."

Alivuta. Kilinyumbuka kwa upande ambao yeye siku zote aliuita juu na chini. Wino akakizungusha robo duara. Michirizi iliyokuwa imelala ikasimama wima, mmoja mfupi, wa pili mrefu zaidi, wa tatu mrefu kuliko wote, na lile doa pana likakaa chini yake.

Msusi aliinua mkono wake mwenyewe, akautazama.

"Vidole!"

"Vidole. Kidogo, cha pete na cha kati. Hapo penye kiganja ndipo mkasi ulipopita." Wino akacheka, kisha akaacha. "Tatizo ni kwamba mikono ilikuwa miwili. Kulikuwa na Kiganja Jazz, nembo yao mkono wa kulia. Wakagombana, nusu wakatoka, wakajiita Kiganja Kipya. Wakaja hapa hapa, wakaniambia niwachapie mkono uleule, ila wa kushoto. Siku ya kuchukua mzigo walikutana mlangoni. Walivunja fremu zangu tatu!"

Msusi hakungoja hadithi iishe. Kwenye kitambaa, kidole kidogo kilikuwa kulia. Alisimamisha kiganja chake cha kushoto mbele ya macho: kidole kidogo kulia. Alishika mkoba.

"Basi ni Kiganja Kipya. Mungu akubariki, mzee."

"Hebu kaa chini! Nyie vijana mna miguu mingi." Wino alitoa kioo cha kukuzia, akakiweka juu ya kitambaa. "Unaona nini?"

"Nyuzi."

"Zimekaaje?"

"Kama... vijiupinde. Vinalaliana kwa mistari ya kwenda pembeni."

"Huo ni upande wa ndani, unaogusa ngozi. Upande wa nje ungeona vishono kama vimkia vya V, vinashuka wima." Akakigeuza. Upande wa pili ulikuwa mweusi tititi kwa mafuta ya cherehani, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuutazama. "Rangi zetu za zamani zilikuwa nyepesi, zilipenya hadi ndani. Siku zote umesoma kilichopenya."

Chini ya kioo, katikati ya mafuta, vile vimkia vya V vilishuka kwa safu. Na kidole kidogo kilikuwa kushoto.

"Mkono wa kulia," alisema msusi. Alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu. Wiki tatu!

Ijumaa saa nne na nusu alikuwa kwenye chumba cha kanda, amemkokota na mama yake. Lori lilikuwa limeshaegeshwa uani. Boksi la Kiganja Jazz lilikuwa na kanda tatu. Mtunza kanda aliweka ya kwanza.

"Siye," alisema mama.

Ya pili. "Siye. Huyo anaimba na pua."

Ya tatu ilianza kwa gita, kisha sauti ya mwanamume ikaingia taratibu, kavu kidogo, kama ya mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Mama aliacha kujipepea.

Msusi alishika ukingo wa meza. Ubeti mmoja. Wa pili ukaanza, ukafika katikati, pakasikika kitu kama mlango unafungwa, na mtangazaji akaanza kusoma hali ya hewa.

"Nini tena?"

"Wameirekodia juu," alisema mtunza kanda kwa sauti ndogo. "Zamani kanda zilikuwa adimu. Poleni."

"Dakika moja! Wiki tatu zote, dakika moja?"

Mama yake alikuwa bado anaitazama mashine, midomo ameibana.

"Miaka saba nimeishi na mtu huyu," alisema hatimaye, "hata mluzi hakunipigia. Kumbe anajua."

Msusi alitoa simu, akaiweka karibu na spika.

"Rudisha mwanzo, kaka."

"Dada, lori..."

"Rudisha, mwanangu," alisema mama, akivuta kiti. "Hilo lori lina dereva, mwambie aje naye asikilize."