Jina Lililopakwa Kwenye Magunia

Mwalimu Verediana Sulle aliletwa kutoka Mbulu kwenye shamba letu la ngano kufanya kazi ambayo sikuwahi kuisikia: kutafuta maneno. Wenzake waliajiriwa kulima, mimi Isidori kutunza stoo, yeye kuchukua vitabu vya wataalamu na kuvifanya viseme Kiswahili, ili darasa la watu wazima lielewe linachokishika mikononi.

"Mwalimu," nilimwambia siku ya kwanza, "hapa Hanang maneno yamejaa. Kinachokosekana ni dizeli."

"Basi nitawatengenezea neno la dizeli isiyokuwepo," akajibu. Nikajua tutapatana.

Maneno mengine aliyakuta. Madereva walikuwa wamekwisha kukopa trekta, plau na kombaini bila kuomba ruhusa ya mtu. Mengine aliyaunga: cha kuua magugu kikawa kiuagugu, cha kuua kuvu kikawa kiuakuvu. Mengine aliyanyoosha tu. Ule ugonjwa unaoacha unga wa kahawia kwenye majani ya ngano aliuita kutu, na kila mwenye jembe lililowahi kunyeshewa akaelewa bila kufundishwa.

Neno moja tu lilimshinda. Mbegu ya kupanda ilikuja imepakwa kiuakuvu chenye zebaki, na kutiwa rangi ya waridi ili mtu ajue si ya kula. Madereva waliiita mbegu ya dawa. Mwalimu alilikataa neno hilo siku hiyohiyo. "Mwambie mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba hii ina dawa," alisema, "uone kama hataipika." "Mbegu iliyopakwa kiuakuvu" nalo lilikuwa refu mno. Huwezi kulipigia kelele juu ya mngurumo wa injini.

Margwe, dereva wa trekta, mtani asiyejua kunyamaza hata kanisani, ndiye aliyelitoa neno.

"Iite mbegu ya Gidamis."

Watu wote ofisini wakamgeukia, maana wote tulimfahamu Gidamis. Alikuwa mzee mkubwa wa Wabarbaig wa tambarare ile. Alipokufa walimzika kwa heshima yao, wakamjengea tuta refu la udongo na kulimwagia pombe ya asali kwa miezi mingi. Baadaye shamba likaja, na plau ikapita juu ya tuta. Mbegu ya rangi ilipandwa kwanza palepale. Ndege walioishukia tuliwaokota wamelala chali, miguu juu, mahali ambapo tuta lilikuwa.

"Hakuna mtu wilaya nzima atakayekula kitu cha Gidamis," Margwe akasema. "Hata mimi, na mimi nakula chochote."

Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema majina ya watu huwa maneno ya vitu kila siku, na neno zuri ni lile ambalo watu wanalibeba wenyewe. Tukatoboa herufi kwenye bati, tukayapaka magunia yote: GIDAMIS.

Neno lilikimbia kuliko moto wa kiangazi. Hakuna aliyegusa gunia. Ila lilianza kutusumbua sisi wenyewe. Margwe alikuwa akisimama juu ya trela na kupaza sauti, "Leta Gidamis!", na kule kwenye uwanda, pale pasipo tuta tena, vumbi lilikuwa likisimama. Nimekulia Endagikot, upepo wa kisulisuli naujua. Huzunguka, hutembea, hufa. Hili lilisimama wima mahali pamoja kama mtu aliyeitwa na anangoja aambiwe shida ni nini. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu Margwe alishuka kwenye trela, na kuanzia hapo akawa anaomba magunia kwa kunyoosha kidole.

"Umeishiwa sauti?" nikamtania.

"Wewe liite," akasema. Sikuliita.

Mbegu ilipokwisha kuingia ardhini, mwalimu alinichukua tuzunguke maboma tukatoe onyo, kwa sababu magunia machache yalikuwa yamedondoka njiani kutoka kwenye trela. Kila boma tuliitikiwa vizuri. Tulipofika boma la marehemu Gidamis mwenyewe, wanaume walikuwa mbali na ng'ombe. Tulimkuta bibi, mjane wake, na wake za wanawe wamekaa wakishona ngozi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibuni."

Mwalimu akaanza, kwa sauti ya darasani: "Tumekuja kuhusu mbegu ya Gidamis..."

Hakufika mbali. Wale wanawake waliinuka wote kwa pamoja kama ndege waliorushiwa jiwe. Mmoja aliziba masikio, mwingine alijifunika uso kwa ngozi yake, na kabla sentensi haijakwisha uwanja ulikuwa mtupu. Bibi alibaki akitutazama, kisha akageuka, akaingia ndani, akavuta mlango.

"Wana haya," nikasema, nikicheka.

Mwalimu hakucheka. Njia nzima aliangalia nyuma.

Ngano ilikuwa imefika magotini wakati Justina alipokuja zahanati ya shamba. Alikuwa mke wa mwana wa mwisho wa Gidamis, amebatizwa, anaongea Kiswahili kizuri. Mgongoni alikuwa na binti yake Perpetua, mtoto wa kama miaka mitano, mkubwa mno kubebwa. Mimi nilikuwa nimeleta sabuni; mwalimu alikuwa akibandika picha ukutani.

"Hatembei," Justina akamwambia nesi. "Anatembea kama mlevi. Anasema midomo yake haipo."

Alimweka chini. Mtoto alipiga hatua, mguu ukaenda pembeni peke yake. Akanyoosha mkono kuchukua kikombe juu ya meza, mkono ukapita kando ya kikombe, ukashika hewa. Hakulia. Alitabasamu upande mmoja, na tabasamu lile sikulipenda.

"Homa?" nesi akauliza.

"Hana."

"Anakula nini?"

"Chakula. Ngano ya mgeni."

Nesi alikuwa amekwisha kugeukia kabati la malaria. Ni mwalimu aliyeacha picha ikaning'inia kwa pini moja.

"Mama Perpetua, ngano ya mgeni ni ipi?"

"Aliyoiokota mume wangu njiani. Bibi anaiosha mpaka maji yanatoka meupe, ndipo anasaga."

"Na kwa nini mnaiita ya mgeni?"

Justina aliinamisha kichwa. "Ina jina, mwalimu. Ninyi mmelipaka pale juu, na mume wangu akasema cha baba yake ni chetu. Sisi tulioolewa kwake hatuwezi kulitaja, wala kulisikia. Basi tulitafuta la kusemea."

"Lakini tulikuja kuwaambia! Hiyo ni sumu! Rangi inaoshwa, zebaki inabaki ndani ya punje!"

"Mlikuja mkamwita baba mkwe," Justina akasema taratibu. "Tukakimbia. Mlichosema baada ya hapo hatukijui."

Nimeona mtu akipigwa na mpini wa jembe usoni. Mwalimu Verediana alikuwa na uso wa namna hiyo.

"Ungetuuliza tu," akanong'ona. "Ungeniambia, hata sasa, ni ile ya... ungelitaja mara moja, kwa ajili ya mtoto."

Justina alimvuta Perpetua kwenye magoti yake, akamfunika masikio kwa viganja.

"Mmelima juu ya kichwa chake. Hana nyumba. Kila siku mnamwita, na kila siku anaamka anakuja kuona ni nani. Mimi nikimwita huku nimembeba mjukuu wake?" Akatikisa kichwa. "Atasema ameletewa mtoto."

Nesi alisema ukweli: dawa ya kurudisha yaliyokwisha kuharibika hana; la kwanza ni kuacha kuila, la pili ni hospitali ya misheni. Lori likamchukua mtoto na shangazi yake, aliyekuwa amewasindikiza na kungoja nje. Justina alikataa kupanda. "Nyumbani kuna watoto wengine sita," akasema, "na bibi ameweka chungu jikoni."

Tulikwenda bomani na trekta ya Margwe, aliyeikimbiza kuliko siku zote. Chungu kilikuwa motoni kweli. Mwalimu alikipiga teke kikamwagika, jambo ambalo si adabu kwenye boma la watu, kisha akapiga magoti mbele ya bibi na kuomba radhi.

"Shikamoo, bibi. Nimekosea. Nililitoa jina la mume wako nikalifanya jina la sumu. Nataka neno lingine. Lakini safari hii silitungi mimi."

Bibi alimshika mkono akamwinua. "Unadhani kutunga maneno mmeanza ninyi?" akasema, na mdomoni palikuwa na kitu kama utani. "Mwanamke akiolewa hapa anaacha nusu ya maneno yake kwa mama yake. Jina la baba mkwe, na kila neno linalofanana nalo. Atasemaje maji, atasemaje ndama, kama yamo humo? Anatafuta. Anaomba kwa Wairaqw, kwa Wanyaturu. Analichukua la zamani analivuta. Bibi zetu wote walikuwa walimu."

Wanawake wakakaa duara, wakaanza. Sijawahi kuona kazi ya namna ile. Mmoja alitoa neno, mwenzake akalionja kimyakimya kwa midomo, akatikisa kichwa: linamgusa kaka wa mkwe. Lingine lilikuwa la Kiiraqw, zuri, nililijua tangu utotoni. Likakataliwa kwa sababu watoto wasingeogopa. Mwalimu alishika kalamu bila kuandika.

Justina ndiye aliyelisema, akimkumbuka mwanawe na midomo isiyokuwepo.

"Ganzi."

Likazunguka duara. Kila mwanamke alilijaribu polepole, na kila aliposema, aligeuza macho kuelekea kwenye ngano, kuona kama kuna kinachosimama.

"Halimgusi mtu," bibi akaamua. "Ni neno letu."

Jumatatu nilitoboa bati jipya. Magunia yenye jina la zamani tuliyapaka rangi nyeusi, yakazikwa mbali na mto, na ile ngano iliyobaki bomani ikazikwa nayo. Madereva walilipokea neno kwa furaha ambayo hawakutaka kuieleza.

Perpetua alirudi baada ya mavuno. Aliweza kutembea kama akikumbuka kuangalia miguu yake. Hospitalini walisema mengine yatarudi, mengine hayatarudi, hawajui yepi. Nilikuwa nimempeleka mwalimu kumsalimia, tukakuta bibi amewapanga watoto wa boma mbele ya gunia tupu lililopakwa herufi mpya. Mmoja mmoja walisogea, wakaligusa, wakalisema neno, wakarudi nyuma. Perpetua alikuwa wa mwisho.

Midomo yake ilitafuta. Ilikutana, ikaachana, ikakutana tena. Justina alikuwa amejishika mikono yote miwili asimsaidie.

"Gan-zi," mtoto akasema. "Hailiwi."

"Tena," bibi akasema.

"Ganzi. Hailiwi."

Bibi akainuka, akageukia uwandani ambako ngano ilikuwa imekatwa na ardhi iko wazi mpaka mlimani. Akasema kwa Kibarbaig, maneno machache, bila jina lolote ndani yake. Nilimwuliza Justina kwa sauti ya chini amesema nini.

"Amemwambia hatukumwita," Justina akasema. "Kwamba alale."

Tulisimama pale, watoto wameshikana mikono, tukingoja kuona kama amesikia.