Barua Pepe Iliyozuiwa na Meneja

Tangu Jumatatu karani wa duka la majokofu alikuwa ameiandika barua pepe: mgomo wa bandarini umekwamisha kontena, majokofu yatafika tarehe ishirini, na kila mteja atarudishiwa gharama ya usafirishaji. Meneja akamkataza kuituma. "Subiri, dada, mgomo utaisha."

Jumatano jioni, siku aliyoahidiwa jokofu lake, muuza samaki aliingia na nondo. Akavunja kioo cha kaunta, akamtwanga meneja begani mpaka mfupa ukalia. "Samaki wangu wameoza! Mngesema mapema, ningewanunua?"

Karani, shavu lililokatwa na kipande cha kioo likimchuruzika damu, alijikokota hadi kwenye kompyuta akaituma kwa wateja wote.

Walinzi walikuwa wamemlaza muuza samaki chini simu yake ilipotoa mlio wa ujumbe. Aliisoma barua pepe palepale chini, juu yake tarehe ya Jumatatu, akamtazama karani.

"Kumbe mlijua," alisema.