Binti wa Posti

Mshauri wetu wa vijana ni mtu mwema, lakini akijaribu kuandika kama kijana utamhurumia. Asubuhi hiyo aliniletea ushuhuda wa binti mmoja, bila jina, ameshaupiga msasa, ukianza hivi: “Mimi ni a student ambaye nime-leave college three weeks zilizopita, na my mother hana information.”

“Nani anaongea hivi?” nilimuuliza mchoraji wetu, kijana wa miaka ishirini na mbili.

“Hakuna, bosi. Hata roboti.”

Kunyoosha posti za vijana za mtandaoni ndiyo kazi yangu hapa ofisini. Nasoma kwa sauti, na ulimi ukikwama najua pana kasoro. Kiswahili hubeba sentensi. Kiingereza nakiacha kiingie pale tu ambapo kijana angekitumia bila hata kujua ametumia. Siku hiyo maneno yalikuja yenyewe, nikaandika mbio:

“Niliacha chuo three weeks ago, na mama hajui. Kila asubuhi nabeba begi, namwambia, ‘Bye, niko late,’ halafu nakaa library mpaka jioni. Siwezi kumwambia. Nikifungua mdomo tu, ananirekebisha. So siku hizi nasema tu, I’m fine.”

Mchoraji akapiga makofi. “Sasa huyu ni mtu! Umemtoa wapi?”

Nikacheka, kichwa kimenivimba.

Kabla ya kurusha posti, kanuni inataka tuilinganishe na maneno ya mwenyewe, tusije tukamlisha maneno. Nikafungua ujumbe wa asili aliotuma binti.

Maneno yalikuwa yaleyale: “Bye, niko late.” “I’m fine.” Binti yule alikuwa amebadili lugha palepale nilipobadili mimi. Na palikuwa na sentensi moja ambayo mshauri aliifuta ili binti asitambulike: begi lake ni la bluu, zipu imekufa, mama yake ameifunga kwa kamba ya kiatu.

Kamba hiyo niliifunga mimi, kwa mikono yangu hii.

“Bosi? Unakwenda wapi?”

Nilitoka hadi kwenye ngazi, nikampigia mwanangu simu. Wiki tatu! Wiki tatu namuaga mlangoni, namwambia asome kwa bidii, na akisema “niko late” namjibu, “Sema umechelewa.” Mimi, ninayelipwa kusikiliza vijana wanavyoongea!

“Mama?” Alijibu kwa kunong’ona.

“Uko wapi, mwanangu?”

“Class. I’m fine.”

Neno la kumrekebisha lilinifika mdomoni, kama kawaida. Nikalimeza.

“Niambie vyovyote vile,” nikasema. “Kwa lugha yoyote. Leo nasikiliza tu.”

Nikasikia anavuta pumzi, kisha analia.

“Mama,” akasema, “usiniambie nimekosea.”

“Sikwambii,” nikasema, nikakaa chini kwenye ngazi.