Kijitabu cha Pili cha Agripina

Laurenti alikuwa ofisa mitihani wa chuo kimoja cha afya mjini Singida kwa mwaka wa tisa sasa. Funguo za chumba cha mitihani alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na hakuna aliyekumbuka kumwona bila hizo funguo. Wanafunzi walimwogopa kidogo. Walimu wenzake walimwona mgumu. Yeye mwenyewe alijiona mtu anayefuata utaratibu tu.

Siku ya kumi na moja tangu matokeo yabandikwe ubaoni, Agripina Mughwai aligonga mlango. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, binti mrefu, mkimya, kutoka kijiji kimoja cha Mkalama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nini tena?"

"Nimefeli famakolojia. Nina arobaini na sita. Naomba kuiona karatasi yangu niliyosahihishiwa."

Laurenti alimweleza kama alivyowaeleza wengine. Mazoezi na majaribio ya darasani mwanafunzi hurudishiwa, ni yake. Mtihani wa mwisho ni mali ya chuo, haurudishwi. Lakini ndani ya siku kumi na nne baada ya matokeo kutangazwa, mtahiniwa anaweza kuandika barua ya kuomba kuuona, ipitie kwa mkuu wa idara. Ataonyeshwa mara moja, mbele ya ofisa mitihani na mwalimu aliyesahihisha. Haruhusiwi kalamu, simu wala begi. Hapigi picha, hanakili.

"Na nakala siwezi kupewa?"

"Nakala hatutoi."

"Basi nitaandika barua leo leo," alisema Agripina, na kweli saa sita haijafika barua ilikuwa mezani ikiwa na saini ya mkuu wa idara.

Walikutana Alhamisi. Upepo wa Singida ulikuwa unasukuma vumbi chini ya mlango, na Agripina alivaa sweta juu ya sare. Begi na simu aliviacha kwenye meza ya nje. Mwalimu Edward, aliyefundisha somo hilo na kulisahihisha, aliingia akitazama saa.

Laurenti alilinganisha namba ya mtahiniwa na kitambulisho, akafungua bahasha, akamwekea kijitabu cha majibu mbele yake. Agripina alikipekua taratibu. Sehemu A, maswali ya kuchagua majibu, alama kumi na moja. Sehemu B, maswali ya kujieleza: la kwanza nne, la pili tatu, la tatu tatu. Ukijumlisha na ishirini na tano za majaribio ya darasani, ndiyo arobaini na sita yake. Alifunua ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Mwalimu, swali langu la nne halipo."

"Hukulijibu," alisema Edward.

"Nililijibu. Niliishiwa kurasa, nikaomba kijitabu cha pili. La dawa za shinikizo la damu. Nililijibu kuliko yote."

"Kila anayefeli alijibu kuliko yote."

Laurenti alinyoosha mkono akigeuze kile kijitabu aone jalada. Hapo mtahiniwa huandika mwenyewe namba za maswali aliyojibu na idadi ya vijitabu alivyotumia. Alipokigeuza tu aliliona jibu: maswali manne, vijitabu viwili, kwa mwandiko wa msichana huyu huyu. Ushahidi ulikuwa pale mezani, hauhitaji kingine chochote. Alikuwa anafungua kinywa aseme hivyo.

Lakini Agripina alimwahi. Alitia mkono ndani ya sweta, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua.

"Tazameni! Hapa niliandika mpango wa jibu langu siku ile ile. Hapa, pembeni ya swali. Mtu asiyejibu angepanga nini?"

Ilikuwa karatasi ya maswali ya mtihani wenyewe.

Laurenti aliitambua mara moja. Karatasi za maswali ya kujieleza peke yake, chuo kiliwaruhusu watahiniwa kuondoka nazo mtihani ukiisha, wakajisomee. Zenye maswali ya kuchagua hazitoki. Maswali hayo yanatoka kwenye hazina ya chuo na yatatumika tena, ndiyo maana hukusanywa pamoja na majibu, na chini ya ukurasa wa kwanza imechapwa kwamba haziruhusiwi kutoka chumbani. Bila shaka msimamizi wa siku ile alihesabu vijitabu akasahau kuhesabu maswali.

Kwa kitambo kidogo Laurenti alitamani awe peke yake na binti huyu. Angemwambia, kunja hiyo, rudisha ulikoitoa. Alijishangaa, yeye mtu wa utaratibu, kwa jinsi alivyolitamani jambo hilo.

"Hiyo umeitoa wapi?" aliuliza Edward, na sauti yake ilikuwa imepoa kabisa.

Agripina alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Ndipo alipoelewa.

"Nilitaka kujisomea tu mwalimu. Sikumpa mtu."

"Ofisa mitihani, umeiona?"

"Nimeiona," alisema Laurenti.

Hakuwa na la kufanya zaidi ya kuiandika. Aliandika pia, kwa maneno yale yale makavu, kwamba jalada linaonyesha vijitabu viwili na cha pili hakipo kwenye bahasha. Jioni hiyo hiyo alimtaka Edward afungue kabati lake. Kijitabu kilikuwa ndani ya bunda la mitihani ya mwaka wa kwanza, hakijaguswa na kalamu nyekundu. Kilipelekwa kwa msahihishaji mwingine. Alitoa alama saba kwa kumi. Arobaini na sita ikawa hamsini na tatu, na kufaulu ni hamsini.

Yaani Agripina alifaulu. Kwa siku nane alikuwa amefaulu.

Siku ya tisa kamati ya nidhamu ilikaa. Kosa la mwalimu lilimalizwa kwa onyo la mdomo. Kosa la mwanafunzi lilikuwa na jina kwenye kanuni: kutoka na karatasi ya mtihani iliyozuiwa ni udanganyifu. Matokeo ya muhula yalifutwa, akasimamishwa masomo mwaka mzima. Laurenti alimwambia ana haki ya kukata rufaa kwenye bodi. Alikata. Bodi ilijibu kwa mistari mitatu.

Baada ya wiki mbili alikuja mama yake, Rahabu, amefunga kitenge kifuani, viatu vyekundu kwa udongo. Alikataa kiti.

"Mwanangu amelala ndani tangu arudi. Watu kijijini wanasema aliiba mtihani. Mimi sijasoma sana baba, lakini saba kwa kumi naijua. Nipe hiyo karatasi yake, hata kivuli chake, niwaonyeshe."

"Mama, nakala hatutoi. Hata kuiona, kanuni inamruhusu mtahiniwa mwenyewe tu."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Naelewa mama."

"Huelewi," alisema Rahabu, bila hasira. "Basi mtaifanyia nini ninyi?"

Laurenti angeweza kusema uongo, lakini hakuwa na mazoea nao.

"Inatunzwa mwaka mmoja. Halafu inachomwa, pamoja na za wengine."

Mama yule aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeelekezwa njia na kuishika vizuri. Aliaga kwa heshima, akatoka.

Mwaka ulipita. Jina la Agripina liliwekwa kwenye orodha ya wanaotarajiwa kurudi, na siku ya kuripoti Laurenti alikaa mapokezi tangu asubuhi, jambo ambalo halikuwa kazi yake. Walikuja wote isipokuwa yeye. Saa kumi alirudi chumba cha mitihani, akafungua kabati, akaanza kutoa mabunda ya mwaka uliopita kuyapeleka nyuma ya jiko la chuo, kwenye shimo la kuchomea.